Mtoto hakohoi, dawa ya TB ya nini?

Mume wangu amekutwa na TB ya mapafu. Mtoto wetu ana miaka mitatu, anacheza vizuri, hakohoi. Kliniki wamempa dawa za miezi mitatu hata kipimo hawajamchukua. Ni sawa?

Ni sawa, mama. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa wa TB ya mapafu huanzishwa tiba kinga, yaani dawa za kuzuia TB isiamke, bila kusubiri kipimo cha maambukizi. Kwa umri wake vijidudu havikawii kugeuka ugonjwa, na wakati mwingine hupanda hadi kwenye utando wa ubongo.

Kinachotakiwa kabla ya kidonge cha kwanza ni kuhakikisha hana TB yenyewe. Toa kadi yake ya kliniki uangalie mstari wa uzito. Kama kwa miezi miwili mitatu umelala badala ya kupanda, au ana homa zisizoisha, mrudishe achunguzwe upya hata kama anarukaruka.

Tuseme ana kilo 13. Dozi yake ni vidonge vitatu vya watoto vya rifampisini na isoniazidi, vinavyoyeyuka kwenye maji, kila siku. Akifika kilo 16 vinakuwa vinne, ndiyo maana lazima apimwe uzito kila akifuata dawa. Uliza pia kama makohozi ya baba yalipimwa usugu wa rifampisini. TB ya baba ikiwa sugu kwa dawa hiyo, tiba kinga ya mtoto inabidi ibadilishwe.

Wewe na watu wazima wengine wa nyumba hiyo mchunguzwe pia. Kwenu ninyi kipimo cha maambukizi au picha ya kifua ni vizuri kifanyike kwanza kikipatikana, lakini kukosekana kwake kusiwe sababu ya kuwanyima dawa.

Naishi na VVU, natumia ARV mwaka wa sita na virusi havionekani. Nyumbani hakuna mgonjwa wa TB. Mbona nami naambiwa nimeze tiba kinga?

Kwa sababu ARV hupunguza hatari ya TB lakini haziimalizi. Mtu mzima mwenye VVU anastahili hata kama hajui mgonjwa yeyote, hata kama ni mjamzito, hata kama aliwahi kuugua TB akapona. Kipimo cha maambukizi si sharti kwako: kinga ikiwa dhaifu, mwili unaweza kushindwa kuitikia, na jibu la "hakuna" likakudanganya.

Utaulizwa mambo manne: kikohozi, homa, kupungua uzito, na jasho la usiku. Kwa anayetumia ARV dalili huweza kuwa hafifu, kwa hiyo ukipata nafasi ya picha ya kifua usiikatae.

Nenda na kopo lako la ARV. Ukiwa unatumia dolutegraviri, rifampisini ya kila siku huipunguza nguvu, na dozi ya dolutegraviri hupandishwa iwe mara mbili kwa siku. Ile tiba ya mara moja kwa wiki, wiki 12, inayoitwa 3HP, kwa kawaida haidai nyongeza hiyo.

Nilichomwa mkononi sindano ya ngozi ya kupima maambukizi ya TB. Pakawa pekundu kama sarafu kubwa, muuguzi akapapasa akasema sina kitu. Alikosea?

Hakukosea. Wekundu hauhesabiwi, kinachopimwa ni ule ugumu unaousikia kwa kidole, na husomwa kati ya saa 48 na 72. Ukirudi siku ya tano, jibu halina maana. Ila kama uliambukizwa wiki tatu tu zilizopita, mwili unaweza kuwa haujaanza kuitikia. Na hata pangevimba, kipimo hiki hakitofautishi vijidudu vilivyolala na ugonjwa.

Nina kikohozi kidogo cha siku nne. Nikisema watanicheleweshea dawa. Si bora ninyamaze?

Sema, ndugu yangu. Hili ndilo kosa ninalolihofia kuliko yote. Tiba kinga ni dawa moja au mbili, za kumaliza vijidudu vichache vilivyolala. TB iliyoamka ina vijidudu vingi mno, na ukivipiga kwa dawa chache, vilivyo sugu ndivyo vitakavyobaki na kuzaana. Utapona kidogo, kikohozi kitarudi, na safari hii dawa za kawaida huenda zisikusaidie. Kutoa makohozi yakapimwa ni bora kuliko hayo. Yakitoka safi na daktari akaridhika, unaanza dawa zako.

Niko dozi ya tatu ya 3HP. Mkojo umekuwa rangi ya chungwa, niache?

Usiache. Ni rangi ya rifapentini iliyo ndani ya 3HP tu, hata machozi hubadilika. Lakini mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, macho yana umanjano, unatapika au tumbo linauma upande wa kulia juu, hapo ini linalalamika. Usimeze dozi inayofuata, nenda kliniki siku hiyohiyo. Na pombe iache mpaka umalize.