Namba mpya inadai ni ndugu yako: usimpe jina

"Wakuu, kuna namba siijui imenitumia meseji, 'Shikamoo, hii ndiyo namba yangu mpya, ile ya zamani futa.' Mama naye kapata kama hiyo kule kijijini. Nitajuaje kama ni ndugu kweli bila kumkosea heshima?"

Mkuu, cha kwanza ni kutomjibu kwa jina. Rudi kwenye ile meseji uisome tena: haina jina la mtu. Anayeituma hamjui mama yako. Amewatumia watu wengi na anasubiri mmoja amjazie nafasi.

Mama yangu mdogo yuko Marangu. Ilimfika Desemba, siku zile ambazo kila mwenye mtoto mjini anamsubiri apande nyumbani, kwa hiyo meseji ya namba mpya haikumshangaza. Alijibu, "Marahaba, ni Eliya?" Jibu likaja papo hapo: "Ndiyo mama, ni Eliya, simu iliingia maji." Ukiwaonyesha watu meseji hizo baadaye, wengi wanasema tapeli alikuwa na taarifa za familia. Hakuwa nazo. Jina kapewa na mama mwenyewe. Baada ya hapo ikawa rahisi: gari limeharibika njiani, fundi anataka laki na nusu, usipige kwa sababu maiki imekufa, tuma kwa namba ya fundi.

Hiyo ya maiki ndiyo ya kuangalia sana. Wote huwa na sababu ya kutoongea. Mtu aliyekwama njiani akiwa na simu inayotuma meseji anaweza kuazima simu ya konda na kuongea nusu dakika.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wetu hawaambiwi. Simu ikiibiwa au ikifa, namba haifi nayo. Mwenye laini anakwenda kwenye duka la mtandao wake na namba yake ya NIDA, anaweka kidole, anarudishiwa namba ileile kwenye laini mpya. Kwa hiyo "simu imeharibika, futa namba ya zamani" ni maneno ya kutilia shaka tangu mwanzo. Ndugu yako anaweza kweli kuwa na namba mpya, lakini hana haja ya kukuharakisha ufute ile ya zamani. Anayetaka uifute anaogopa utaipigia.

Basi ipigie. Piga simu ya kawaida, si WhatsApp, maana akaunti ya WhatsApp inaweza kuwa imetekwa na anayejibu akawa tapeli yuleyule. Isipopatikana, mpigie mke wake, jirani yake au mtu wa kazini kwake. Kama lazima ujibu meseji, usiulize swali ambalo jibu lake liko Facebook. Weka mtego: "Shangazi Ndeshi alifika salama huko kwako?" wakati kwenye ukoo wenu hakuna shangazi wa jina hilo. Ndugu atakuuliza Ndeshi ni nani. Tapeli atakuambia amefika na anakusalimia. Wengine hujaribu Kichagga. Inasaidia, lakini usiitegemee peke yake, kwa sababu na matapeli wana kwao, na wapo wanaotoka Kilimanjaro hiihii.

Mama mdogo aliokolewa na kijana wa wakala. Ukishaingiza namba na kiasi, kabla hujathibitisha, simu inakuonyesha jina lililosajiliwa kwenye namba inayopokea. Likaja jina la mwanamke. Kijana akamuuliza, "Mama, fundi wako wa gari ni huyu?" Akasita, akampigia Eliya kwa ile namba ya zamani, akamkuta dukani kwake Arusha, hana habari ya safari yoyote. Jina kutofanana peke yake si ushahidi, kwa kuwa wapo ndugu wanaotumia laini ya mtu mwingine. Ila ni sababu tosha ya kusimama pale kabla ya kuthibitisha.

Kama pesa imeshatoka, mbio zako ni za dakika. Piga 100 kwa mtandao uliotuma nao, uwasomee kumbukumbu namba ya muamala na uombe pesa izuiwe. Wanaweza kuizuia ikiwa bado imo kwenye akaunti ya aliyepokea. Akishaitoa kwa wakala, huduma kwa wateja hawana cha kushika, na linabaki suala la polisi. Usifute meseji hata kama zinakutia aibu, kwa sababu polisi watazitaka.

Na hata kama hukutuma senti, ipeleke ile meseji kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli. Utajibiwa uandike namba iliyokutumia, nawe uiandike. Kwa mama kijijini, mfanyie wewe mwenyewe siku ukimtembelea, na umhifadhie namba za watoto wote kwa majina anayowaita yeye.