Wanafunzi 96, vitabu 5: somo la wanaostahili zaka

Mwalimu mgeni unayekuja kufundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu huku Ujiji, utakutana na darasa kama langu: wanafunzi 96, vitabu 5. Nilipoanza nilikuwa nanakili kitabu ubaoni. Dakika 25 kati ya 40 zikiisha, walio nyuma walikuwa bado wanaulizana neno la mstari wa pili.

Somo lililonibadilisha ni la wanaostahili zaka. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba inataja mafungu 8, basi nikagawa darasa kwa hesabu hiyo. Dawati la mbele linageukia la nyuma yake, watu sita wanatazamana, yanapatikana makundi 16. Usiku nilikata vikaratasi 16, kila fungu viwili, nikaandika maana yake kwa sentensi mbili tu. Vitabu vilibaki mezani kwangu. Kundi likikwama, lilimtuma mmoja aje kusoma. Makundi mawili yenye fungu moja yakae mbalimbali. La kwanza linaeleza, la pili linasahihisha, na hapo hakuna anayesinzia.

Kila kundi lina dakika 12 za kutafuta mfano wa hapa hapa. Kundi la wenye madeni lilimtaja mvuvi wa Kibirizi aliyekopa nyavu zikachukuliwa na dhoruba. La wasafiri lilimtaja abiria wa treni aliyeibiwa nauli Tabora: kwao ana mali, lakini pale alipo hana kitu, kwa hiyo anastahili.

Ugumu uko kwa fakiri na masikini. Makundi yote manne yalisema ni kitu kimoja. Usiwakatize kwa kusema wamekosea, wape hesabu. Kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi huku, mwenye haja ya shilingi elfu kumi akapata elfu mbili ni fakiri, akipata elfu saba ni masikini. Waambie pia kwamba Wahanafi wanaeleza kinyume chake, maana yupo mtoto atakayekuwa amelisikia hilo msikitini.

Muhtasari wa ubaoni uandike wakati makundi yanaeleza, kamwe si kabla. Ukitangulia wananakili tu, mjadala unakufa. Mimi nachora safu tatu: fungu, maana, mfano. Maana haizidi maneno manane, na safu ya mfano naiacha wazi, kila mmoja ajaze wa kwake daftarini. Kisha natembea hadi dawati la mwisho. Nisiposoma maandishi yangu kutoka pale, nafuta na kuandika upya kwa herufi kubwa.

Kukagua madaftari 96 siwezi. Nachukua ya kundi moja tu, naangalia safu ya mfano peke yake. Ikiwa wote sita wana mvuvi yule yule, najua aliyefikiri ni mmoja, na kipindi kinachofuata anayeeleza namchagua mimi.

Kwa kuhifadhi aya yenyewe njia hii haifai. Hapo darasa zima lisome kwa sauti, ukisikiliza safu moja moja.