Soma *EXTRA kabla hujaiachia /MIR

Wadogo zangu wa studio hapa Malindi, msimu wa harusi umeanza na tayari diski ya mtu imefutika. Kosa ni lilelile la kila mwaka, kwa hiyo leo tulichambue hadi liishe. Amri yenyewe ni hii ya robocopy, chombo cha Windows cha kunakili folda:

```
robocopy D:\Harusi E:\ /MIR
```

Aliyeiandika alitaka folda ya Harusi ikae kwenye diski ya nje, kando ya Maulidi na Hesabu zilizokuwemo. Ukivuta folda kwa mausi, ndivyo inavyokuwa. Robocopy haibebi folda yenyewe. Inabeba vilivyomo ndani yake na kuvimwaga pale ulipotaja katika njia ya pili. Kwa hiyo hapo umeiambia E: nzima ifanane na ndani ya D:\Harusi.

Sasa /MIR ni /E na /PURGE kwa pamoja: nakili folda zote hata zilizo tupu, na chochote kilichopo upande wa pili lakini hakipo wa kwanza, futa. Maulidi haimo ndani ya D:\Harusi, ikafutwa. Hesabu vilevile. Haikuulizi, wala vilivyofutwa haviendi Recycle Bin. Na utadhani kazi imefaulu, maana picha za harusi zimeingia zote.

Dawa ya kwanza ni kuitaja folda pande zote mbili. Ya pili ni /L, ambayo inaorodhesha tu bila kugusa kitu:

```
robocopy D:\Harusi E:\Harusi /MIR /L
```

Tafuta neno *EXTRA. Kwa ile amri mbovu, /L ingekuonyesha hivi:

```
*EXTRA Dir   -1   E:\Maulidi\
*EXTRA Dir   -1   E:\Hesabu\
```

Kila mstari wa namna hiyo ni kitu kitakachofutwa ukiondoa /L. Ikiwa orodha ni ndefu, shuka hadi jedwali la mwisho usome safu ya Extras. Unaponakili kwenda folda mpya kwa mara ya kwanza, safu hiyo iwe sifuri. Ikiwa na namba yoyote, umekosea njia, simama.

Tatu, angalia herufi za diski kila mara, kwa sababu kadi ya kamera ikitangulia inaweza kuchukua E:. Njia ya kwanza isipokuwepo, robocopy inagoma na hakuna kinachofutika. Ikiwepo lakini ni tupu, nakala yako yote inafutwa.

Nne, weka /R:2 /W:5, la sivyo itajaribu faili moja iliyogoma mara 1,000,000, kila mara ikisubiri sekunde 30.

Na kama tayari umeiachia, bonyeza Ctrl+C na uchomoe diski kwa utaratibu. Usiandike chochote juu yake, maana kila picha mpya inaweza kukalia nafasi ya zile zilizofutwa. Programu ya kurejesha faili iendeshe ikiwa kwenye diski nyingine, na itakavyovipata vihifadhiwe hukohuko.