Ukuaji ukishuka, gawio lipande: kwa mnaoanza kuthamini hisa

Wengi wanaoingia kwenye kazi ya kuthamini hisa hapa Unguja huja na kanuni ya hatua mbili wakiwa wameshaijua vizuri. Wanajua kwamba kampuni inayokua kwa kasi huhesabiwa gawio lake mwaka baada ya mwaka, na kwamba ikishakomaa, magawio yote yaliyobaki hujumlishwa kwa mkupuo mmoja kwa kanuni ya Gordon na Shapiro ya mwaka 1956: gawio la mwaka unaofuata, gawanya kwa tofauti kati ya faida anayodai mwekezaji na kasi ya ukuaji. Hapo hawakosei. Namba inayowaponyoka ni moja tu, nayo ni sehemu ya faida inayogawiwa baada ya kampuni kukomaa. Wanashusha ukuaji, lakini uwiano wa gawio wanauacha pale pale ulipokuwa. Nataka mwone ukubwa wa pengo linalotokana na hilo.

Tuchukue kampuni ya kubuni inayosambaza gesi ya kupikia Unguja na Pemba, yenye hisa zinazouzwa sokoni Dar es Salaam. Inakua haraka kwa sababu kila mwaka kuna nyumba zinazoacha mkaa na kuni. Ni wazi pia kwamba kasi hiyo haiwezi kudumu. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, na nyumba ikishanunua mtungi na jiko, kinachobaki ni kuujaza tena mtungi tu. Ukuaji wa asilimia 15 unaikuza faida mara mbili kwa miaka mitano, na hilo linawezekana. Ukiuendeleza miaka ishirini, faida inakuwa zaidi ya mara 16 ya ilivyo leo, na visiwa hivi havina majiko ya kiasi hicho. Kila unapothamini kampuni, tafuta sababu ya namna hii inayoonekana kwa macho, ndipo uamue hatua ya kwanza ina miaka mingapi. Miaka mitano isiwe mitano kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa kwenye faili la mwenzako.

Faida kwa kila hisa ni shilingi 200. Kampuni inagawa 80, yaani asilimia 40, na asilimia 60 inairudisha kwenye biashara: magari, matangi, mitungi mipya. Mtaji wa wanahisa unazalisha faida ya asilimia 25 kwa mwaka. Zidisha 60 kwa 25 upate asilimia 15, na huo ndio ukuaji wenyewe. Haukutoka hewani, umelipiwa na zile shilingi 120 ambazo wanahisa hawakupewa. Shikeni hapo, maana yote yanayofuata yanategemea jambo hilo.

Mwekezaji anadai asilimia 16. Gawio la mwaka wa kwanza ni 92, la mwaka wa tano ni karibu 161. Ukiyarudisha yote matano kwenye thamani ya leo unapata takriban shilingi 390. Kufikia mwaka wa tano faida kwa hisa ni 402, na baada ya hapo ukuaji unashuka kuwa asilimia 7. Saba nimeichagua kwa kuwa Benki Kuu inalenga mfumuko wa bei wa kati ya asilimia 3 na 5, kwa hiyo ukuaji halisi unabaki wa wastani, ambao kampuni moja inaweza kwenda nao muda mrefu bila kuupita uchumi wenyewe.

Sasa tizameni anavyofanya mgeni wa kazi. Faida ya mwaka wa sita ni 402 kuongeza asilimia 7, yaani 430. Anachukua asilimia 40 ileile, anapata gawio la 172. Anagawanya kwa 0.09, ambayo ni 16 kutoa 7, anapata 1,913. Anairudisha miaka mitano nyuma, inakuwa 911. Akijumlisha na zile 390, hisa inakuwa na thamani ya karibu shilingi 1,301. Hesabu haina kosa la kujumlisha wala kugawanya, na ndiyo maana kosa lake halionekani.

Muulize: kampuni inabakiza asilimia 60 ya faida na inakua kwa asilimia 7 tu, je, fedha inayobakizwa inazalisha kiasi gani? Gawanya 7 kwa 60, jibu ni karibu asilimia 11.7. Bila kujua, ameandika kwamba kampuni hii itachukua fedha ya watu wanaodai asilimia 16, iiwekeze mahali panapozalisha chini ya 12, na ifanye hivyo milele. Hakuna aliyemwambia hivyo kuhusu kampuni hii. Mgawanyo huo mdogo ndio kipimo changu cha kwanza ninapopewa faili la mtu: ukuaji wa hatua ya pili, gawanya kwa sehemu inayobakizwa. Jibu likiwa mbali chini ya faida anayodai mwekezaji, au juu kuliko kampuni ilivyokuwa ikizalisha katika miaka yake mizuri, uwiano wa gawio haujaguswa.

Njia sahihi ni kuanza na swali la kampuni iliyokomaa itazalisha kiasi gani juu ya mtaji wake. Wasambazaji wengine watakuja, bei zitabanwa, kwa hiyo 25 haitabaki. Tuseme itashuka hadi 17.5. Ili ikue kwa asilimia 7 inahitaji kubakiza 7 gawanya kwa 17.5, yaani asilimia 40. Asilimia 60 inayobaki ni ya wanahisa. Gawio la mwaka wa sita sasa ni 258, thamani ya mwisho ni 2,870, na kwa leo ni 1,366. Ongeza 390: shilingi 1,756. Tofauti na jibu la mwanzo ni shilingi 455 kwa hisa moja, zaidi ya theluthi, na imetokana na namba ambayo mwenzetu hata hakuifikiria.

Kwenye Excel msiuandike uwiano huo kwa mkono. Uacheni utokane na ukuaji, ili ukibadilisha kimoja kingine kifuate. Faida kwa hisa ikiwa B2, faida anayodai mwekezaji B3, ukuaji wa kwanza B4, wa pili B5, na faida juu ya mtaji baada ya kukomaa B6, thamani ya mwisho na thamani yake ya leo ni hizi:

```
B8: =B2*(1+B4)^5*(1+B5)*(1-B5/B6)/(B3-B5)
B9: =B8/(1+B3)^5
```

Angalieni kipeo cha mstari wa pili: ni 5, ingawa gawio tulilotumia ni la mwaka wa 6. Kanuni inatoa thamani ya mwaka mmoja kabla ya gawio lake la kwanza. Atakayeandika 6, akishaongeza zile 390, atapata 1,568 badala ya 1,756.

Faida nyingine ya kufunga uwiano na ukuaji namna hii ni kwamba inawatuliza wanaopenda kubishana juu ya saba au nane. Pandisha ukuaji wa mwisho hadi asilimia 8 huku gawio limeganda kwenye asilimia 60, na hisa inaruka hadi 1,941. Fanya hivyohivyo kwenye faili lililofungwa, na inafika 1,793 tu, kwa sababu ili ikue kwa 8 kampuni lazima ibakize zaidi na igawe kiasi cha asilimia 54. Ongezeko la shilingi 185 limekuwa la 37. Kampuni inayozalisha asilimia 17.5 kwa fedha ya watu wanaodai 16 inawaongezea kidogo sana kwa kila shilingi inayobakiza, kwa hiyo kukua kwake zaidi hakuwezi kuwa na thamani kubwa. Mabishano yanayostahili muda wenu ni juu ya hiyo 17.5.

Mtaniuliza kuhusu kushuka kwenyewe, maana hakuna kampuni inayolala na ukuaji wa 15 ikaamka na 7. Fuller na Hsia mwaka 1984 walitoa kanuni fupi ya ukuaji unaoshuka kidogo kidogo kwa mstari ulionyooka, inayotumia nusu ya miaka ya kushuka. Ni nzuri kwa makadirio ya haraka. Kwa kampuni yetu, ukuaji ukishuka kuanzia sasa kwa miaka kumi, inatoa 1,307. Msifurahi kuona inakubaliana na ile 1,301 ya mwanzo. Zimekubaliana kwa sababu zote mbili zinaliacha gawio kwenye asilimia 40 ya faida.

Mimi napendelea kuandika miaka ya kushuka mmoja mmoja, na gawio lipande kadiri ukuaji unavyoshuka. Baada ya mwaka wa tano weka ukuaji wa 13, 11 na 9, na uwiano wa gawio wa 45, 50 na 55, kisha mwaka wa tisa ingia kwenye 7 na 60. Safu tatu tu zimeongezeka, na thamani inakuwa karibu 1,852. Inaondoa pia kasoro moja ya hatua mbili za ghafla, ambapo gawio letu liliruka kutoka 161 hadi 258 kwa mwaka mmoja, jambo ambalo bodi chache zingelikubali. Lakini pimeni uzito wa kila rekebisho: kulainisha kushuka kumeongeza shilingi 96, kurekebisha uwiano kumeongeza 455. Nimeona watu wakihangaika siku nzima na umbo la mstari wa kushuka ilhali uwiano wa mwisho haujaguswa.

Mbali na hayo, faida anayodai mwekezaji isiachwe kuukuu kwenye faili. Mwaka 2021 hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilitolewa kwa kuponi ya asilimia 15.95, na mwaka 2022 ikawa 12.56. Aliyejenga hesabu yake juu ya ile ya kwanza alitakiwa kuifungua upya.

Kuna hali moja ambapo 1,301 inaweza kuwa karibu na ukweli. Uwiano wa asilimia 60 ni ule ambao kampuni inaweza kuugawa bila kuathiri ukuaji. Haina maana kwamba wenye kampuni watakubali. Mwenye hisa nyingi anaweza kukataa kupandisha gawio hata soko likishajaa. Hapo fungueni mizania ya miaka kadhaa iliyopita na mfuatilie fedha iliyobakizwa imekwenda wapi. Ikiwa imelundikana benki au kwenye hatifungani, bado ni mali ya wanahisa na imecheleweshwa tu, ila inazalisha chini ya 16. Ikiwa imeingia kwenye majengo na biashara nyingine zisizohusiana na gesi, hesabuni faida ya nyongeza ya miaka hiyo, mgawanye kwa fedha iliyobakizwa. Mkipata kitu cha karibu na asilimia 12, basi ile namba aliyoiandika mgeni bila kujua inakuwa na ushahidi wake, nanyi mtaiandika mkijua, na kurasa za mizania mlizozitumia mzitaje pembeni.