Hotuba imekakamaa kama insha

"Wakuu, nilisoma hotuba kwenye mkutano wa AMCOS yetu hapa Moshi, wanachama wakasema imekakamaa. Nairudia Jumamosi. Nianzie wapi?"

Anza kwa kuzikata sentensi ndefu. Kwa mfano: "Kutokana na kuchelewa kwa malipo yaliyotarajiwa baada ya makusanyo, wanachama wengi wameshindwa kumudu gharama za pembejeo." Anayesoma anaweza kurudi nyuma. Anayesikiliza hawezi, na hapo amebebeshwa sababu nzima kabla hujamtaja mtu. Tanguliza mtu na tendo: "Mlileta kahawa. Hela imechelewa. Sasa mbolea mtanunua na nini?"

Usirekebishe kwa kalamu kwanza. Funika karatasi, mweleze mtu mmoja aya moja kwa mdomo, jirekodi kwa simu, kisha andika ulivyosema. Halafu isome kwa sauti. Pumzi ikikuishia katikati, kata hapo. "Aidha" na "hivyo basi" zifute, zinanuka barua ya ofisi.

— Mi naona aache karatasi kabisa, akariri. Ukisoma lazima ukakamae.

— Macho yatawafikia watu, hilo kweli, ndugu. Ila sentensi ya insha ukiikariri bado ni insha. Na bei ya kilo aisome, asiikisie mbele ya wakulima.

— Yangu ni ya harusi huku Sakina, Arusha, nimepewa dakika 3. Nayo niikate hivyo?

— Kata. Sijui tu kama wazee watakubali uruke salamu za koo zote mbili, waulize mapema.