Mistari ya hasara ikikatana, usikimbilie kusema modeli imekariri

Wiki hii msomaji mmoja amenitumia grafu yake. Anafunza modeli ya kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani, akitumia ile seti ya Kaggle yenye picha zaidi ya 21,000 zilizopigwa Uganda. Mstari wa hasara ya mafunzo, yaani kipimo cha modeli inavyokosea kwenye picha inazofunzwa, ulianza juu ya ule wa uhakiki, unaopimwa kwa picha isizofunzwa. Raundi ya 5, yaani modeli ilipopitia picha zote za mafunzo mara ya tano, mistari ikakatana, kisha ikaachana. Akaamua kwamba modeli ilianza kukariri hapo, akachagua nakala ya modeli ya raundi ya 5 na kuziweka kando nyingine zote. Uamuzi huo si sahihi, na kwa kuwa naukuta kila mara, naujibu hapa kwa urefu.

Tuanze na namba zake. Raundi ya 1 hasara ya mafunzo ilikuwa 0.82 na ya uhakiki 0.61. Raundi ya 4: 0.47 na 0.45. Raundi ya 7: 0.33 na 0.42. Raundi ya 12: 0.12 na 0.58.

Kabla ya kulinganisha mistari miwili, jua kwanza namba zenyewe zina maana gani. Seti hii ina makundi matano: batobato, michirizi ya kahawia, madoadoa ya kijani, ugonjwa wa bakteria na majani mazima. Modeli isiyojua lolote, inayogawa uwezekano sawa kwa makundi yote, hupata hasara ya logi asilia ya 5, yaani 1.61. Lakini batobato peke yake ni kama asilimia 61 ya picha, kwa hiyo modeli inayotaja tu uwiano wa makundi bila hata kuangalia jani hupata karibu 1.18. Ukiona hasara imekwama hapo, usizungumzie kukariri. Modeli haijaanza kuona majani.

Sasa, kwa nini raundi ya 1 uhakiki ulikuwa na hasara ndogo kuliko mafunzo? Modeli haiwezi kuzijua picha ngeni kuliko ilizofunzwa. Jibu ni kwamba namba hizo mbili zilipimwa katika hali tofauti. Hasara ya mafunzo ni wastani wa raundi nzima, tangu modeli ikiwa haijui kitu hadi mwisho; ya uhakiki hupimwa raundi ikishakwisha, modeli ikiwa imeshajifunza. Tena picha za mafunzo zilikuwa zimegeuzwa, zimekatwa na kubadilishwa mwanga, na dropauti ilikuwa inazima sehemu ya mtandao. Picha za uhakiki zilipita safi, mtandao ukiwa mzima. Huo ni mtihani mgumu upande mmoja na mwepesi upande wa pili, halafu tunatoa alama moja kwenye nyingine na kuita tofauti hiyo pengo!

Dawa yake ni ndogo. Tenga picha 2,000 kutoka kwenye data ya mafunzo, ziendelee kutumika kufunza, lakini kila raundi ikiisha zipime upya bila kuzigeuza, kwa kipimo kilekile cha uhakiki:

```python
@torch.no_grad()
def pima(modeli, data, kifaa):
    modeli.eval()
    jumla, n = 0.0, 0
    for x, y in data:
        x, y = x.to(kifaa), y.to(kifaa)
        h = F.cross_entropy(modeli(x), y, reduction="sum")
        jumla += h.item()
        n += len(y)
    modeli.train()
    return jumla / n
```

Angalia `reduction="sum"`. Ukikusanya wastani wa kila bachi kisha ukatafuta wastani wa hizo wastani, bachi ya mwisho yenye picha chache itahesabiwa sawa na bachi kamili. Na usisahau `modeli.train()` mwishoni, la sivyo raundi inayofuata itafunzwa bila dropauti na hutaona ujumbe wowote wa kosa.

Msomaji wetu alipopima nakala zake hivi, mstari wa mafunzo ulishuka kote: 0.58 raundi ya 1, 0.38 raundi ya 4, 0.22 raundi ya 7, na 0.04 raundi ya 12. Pengo la kweli basi ni 0.03, 0.07, 0.20, kisha 0.54. Mistari haikukatana hata mara moja. Kule kukatana kulitoka kwenye kipimo, na akachagua nakala kwa kukifuata.

Kwa hiyo achukue raundi gani? Ya 7, ingawa pengo lake ni karibu mara tatu ya lile la raundi ya 4, kwa sababu hapo ndipo hasara ya uhakiki ni ndogo kuliko kwingine. Hili naomba lishikwe: pengo linakuambia modeli inazijua zaidi picha zake kuliko za wengine, jambo ambalo karibu kila modeli yenye nguvu hufanya. Madhara huanza pale mstari wa uhakiki unapogeuka kupanda. Kati ya raundi ya 4 na ya 7 pengo lilipanuka huku uhakiki ukishuka, yaani modeli ilikuwa bado inajifunza mambo yanayofaa. Baada ya ya 7 ndipo ilipoanza kuharibika.

Aliuliza pia mbona usahihi wa uhakiki ulibaki asilimia 86 raundi ya 7 na ya 12 wakati hasara ilipanda. Usahihi huangalia tu jibu la kwanza. Hasara huangalia modeli ilikuwa na uhakika kiasi gani. Picha iliyokosewa huku kundi la kweli likiwa limepewa 0.4 hugharimu 0.92, ikikosewa huku kundi la kweli limepewa 0.001, hugharimu 6.9. Majibu yanayokosewa ni mengi kama mwanzo, ila sasa yanakosewa kwa uhakika mkubwa. Kama modeli itamwambia mkulima ang'oe shina, uhakika huo wa uongo ni hatari.

Na ile 0.04 ya raundi ya 12 inasema jambo jingine. Lebo za seti hii zinajulikana kuwa na makosa. Tuseme ni 5 katika kila 100. Modeli inayoujua ukweli, inayogawia kundi la kweli 0.96 na kila jingine 0.01, itapata hasara ya 4.6 kwa kila lebo mbovu, na wastani wake utakuwa kama 0.27. Kushuka hadi 0.04 kunawezekana tu kama imekariri hata lebo mbovu. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza dropauti, panga picha za mafunzo kwa hasara ya raundi ya 2 au ya 3, wakati haijakariri, na uzikague kwa macho mia za juu.

Ukishasafisha lebo mbovu, badilisha kitu kimoja kwa wakati: ongeza mageuzi ya picha, au pandisha `weight_decay`, inayozuia uzito wa mtandao kukua mno. Pengo likipungua kwa sababu uhakiki umeshuka, umefaulu. Likipungua kwa sababu mafunzo yamepanda na uhakiki nao ukapanda, umeidumaza modeli.

Pengo dogo mno nalo lichunguzwe. `train.csv` ya seti hii ina safu mbili tu, `image_id` na `label`. Haisemi picha ilitoka shamba gani. Kama shina moja limepigwa picha mara tatu, moja ikaangukia uhakiki na mbili mafunzo, kukariri kutaonekana kama kuelewa. Tafuta picha zinazokaribia kufanana, ziweke upande mmoja wa mgawanyo, kisha funza upya tangu raundi ya kwanza. Mstari wa uhakiki ukipanda baada ya hapo, ule wa zamani ulikuwa unavujishiwa majibu.