Igizo la mgeni wa mtandaoni: mbona wanafunzi wanajibu vizuri mno?

*Mimi ni mwalimu wa malezi, kidato cha kwanza. Niliandaa igizo la mtu asiyejulikana anayemwomba msichana picha mtandaoni. Mvulana mmoja aliigiza mtu mbaya, darasa likacheka, na wote wakasema "nambloku tu". Wiki mbili baadaye mwanafunzi mmojawapo akamtumia picha mtu asiyemjua. Nilikosea wapi?*

Mwalimu, mgeni wako aliingia akiwa na pembe kichwani. Mtoto wa miaka 13 akimwona hivyo anajua jibu unalolitaka, na anakupa. Kwenye simu mgeni huja kama kijana wa shule ya jirani anayejua timu unayoshabikia, kwa sababu umeiandika mwenyewe kwenye wasifu wako.

Kwa hiyo meseji za mgeni zisome wewe, kwa sauti ya kawaida, bila mbwembwe. Mwanafunzi akipewa nafasi hiyo atachekesha, na lile jina baya linaweza kumganda muhula mzima. Anayeombwa picha naye asiwe mwanafunzi. Awe mtu wa kwenye kadi, tumwite Neema, miaka 13, na darasa zima limjibie.

Meseji sita zinatosha:

"Nimeona video yako ya netiboli, unawazidi wote."
"Mimi Kelvin, nipo fomu tuu. Kocha wenu si yule mrefu?"
"Huku inasumbua, nipe namba yako ya WhatsApp."
"Mama kanigombeza tena. Wewe tu ndiye unanielewa. Usimwambie mtu."
"Nitumie selfi moja ya kawaida, ukiwa na yunifomu. Na mimi natuma."
"Usiponitumia nyingine, hii naipeleka kwenye grupu la shule yenu."

Baada ya kila meseji, kila mmoja aandike kwenye kikaratasi jibu ambalo Neema angelitoa, bila kuandika jina lake. Usiwaambie wanyooshe mikono, maana watamfuata wa kwanza kunyoosha. Kusanya, soma vikaratasi viwili vitatu, endelea. Utashangaa majibu ya meseji ya pili yalivyo ya kirafiki, na hapo ndipo somo linapoanzia.

Mwisho waulize: ni wapi ilikuwa rahisi zaidi kuondoka? Wengi watataja ya tano. Warudishe kwenye ya tatu, ambapo Kelvin anayatoa mazungumzo mahali alipoonekana na kuyapeleka faragha, na kwenye ya nne, ambapo anapanda siri. Ikifika ya tano, Neema anajiona ana deni. Anajua si vizuri, ila anaona aibu kukataa. Ndiyo maana mimi hutumia robo nzima ya kipindi kuwafanyisha mazoezi ya kukataa kwa sauti: "Namba sitoi." "Simu yangu anashika mama." Hilo la mama linaweza kuwa uongo, na mimi nawaruhusu.

Kisha onyesha picha, ya mtu mzima aliyeigiza, si ya mwanafunzi. Waulize mtu asiyemjua atagundua nini. Wataiona nembo kwenye sweta, halafu kibao cha kituo cha daladala nyuma yake. Wanaosema "nitatuma ile ya kuonekana mara moja" waonyeshe simu ya pili ikiipiga picha ile ya kwanza. WhatsApp huzuia skrinshoti ya picha hizo, lakini haiwezi kuizuia kamera ya simu nyingine.

Ukimaliza, chana kadi ya Neema mbele yao. Usiulize "nani yamemkuta?" darasani. Waambie utakuwa wapi na saa ngapi.

Sasa huyo aliyekwisha kutuma. Usianze na kumgombeza. Kama ni picha ya utupu, usiihamishie kwenye simu yako hata kama unasema ni ushahidi: kila nakala ni mlango mwingine wa kuvuja, na kuisambaza ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mazungumzo yasifutwe. Jina na namba ya huyo mtu viandikwe, halafu ndipo abulokiwe. Asilipwe hata shilingi, kwani akilipwa mara moja hurudi kudai tena. Mshirikishe mzazi, mwende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au mpige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Kuna pia huduma ya Take It Down (takeitdown.ncmec.org) kwa picha za utupu zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Simu ya mtoto hutengeneza alama ya kidijitali ya picha, na picha yenyewe haitoki kwenye simu. Mitandao iliyojiunga huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa, ila haifiki ndani ya mazungumzo ya siri ya WhatsApp, kwa hiyo mtangulie Kelvin kwa wakuu wa grupu la shule.